Anayepiga kelele siyo wa kwanza kulipwa (Sehemu ya 4)

Jamani kina mama, tuache kulipa madeni kwa woga! Wodini, mtoto anayelia kwa nguvu ana pumzi. Aliyenyamaza ndiye tunamkimbilia. Madeni nayo ni hivyo hivyo: usiangalie nani anapiga simu sana, angalia usipomlipa utapoteza nini.

Chukulia mama fundi cherehani wa Isevya, hapa Tabora. Hela ya chakula kashaitenga, kabaki na 90,000. Kodi ya chumba ni 40,000. Rejesho la kikundi ni 45,000, na dhamana ni cherehani yenyewe. Mkopo wa kwenye simu ni 60,000, na hao ndio wanaotuma meseji za matusi hadi kwa mashemeji.

Wengi wetu tungewalipa wa simu ili kuficha aibu. Hapana! Lipa kodi, watoto walale ndani. Lipa rejesho, maana cherehani ikibebwa, mwezi ujao hakuna wa kumlipa. Wa simu mpunguzie 5,000 iliyobaki, na umwandikie utamalizia lini. Deni lake halijafa, linasubiri. Na mchunguze: Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 zinazokopesha bila leseni.

Ila kausha damu aliyeshika kadi yako ya benki usimweke mwisho. Huyo anautoa mshahara kabla hujauona, kwa hiyo kadi yako ndiyo dhamana yake.

Kodi ikipelea? Mwone mwenye nyumba kabla ya tarehe, siyo baada.