Mbao Hazichagui Masafa
Makala ya toleo lililopita inadai kuwa mbao za gitaa ndizo zinazochuja masafa ya uzi. Sivyo. Chukua uzi wa sentimita 65 unaolia kwa hezi 110. Umbo la mtikisiko wake hutii X'' + λX = 0, na kwa kuwa umebanwa kwenye ncha zote mbili, X(0) = X(L) = 0. Ncha ya kwanza inaacha sin(√λ x) pekee. Ya pili inalazimisha √λ L iwe π, 2π, 3π na kuendelea. Masafa hupanda kwa uwiano na √λ, ndiyo maana tunapata 110, 220, 330. Na 165? Umbo lake lingefika ncha ya pili likiwa limechepuka kabisa, pale pale palipobanwa! Mbao hukuza tu kilichopo, hiki zaidi ya kile. Mwandishi aguse uzi katikati kwa wepesi, aupige: 110 na 330 zinanyamaza, 220 inabaki. Mbao ni zile zile.