Meno Mazima Hayasagwi kwa Ajili ya Ukumbini



Zamani orodha ya biharusi ilikuwa singo, udi, hina, piko na nguo. Sasa imeongezeka vinia. Kila tukikaa na mabiharusi tunasikia habari ile ile: kuna mtu mitandaoni meno yake yamekuwa meupe kama sahani, yamepangika kama shanga, na imechukua wiki mbili tu. Bresi zinaonekana ni mambo ya watoto wa skuli, na kung'arisha meno kunaonekana ni kazi ndogo isiyotosha kwa siku kubwa kama hiyo. Sisi tunapingana na mtindo huu. Mtu mwenye meno mazima anayetaka tabasamu zuri aanze kwa kusafisha na kung'arisha. Akiwa na meno yaliyopandana, bresi. Vinia ziwekwe mwisho kabisa, kwa jino lenye kasoro ambayo njia nyengine haikuitoa.

Sababu yetu ya kwanza iko kwenye jino lenyewe. Vinia ni kigamba chembamba cha kauri, unene wake karibu nusu milimita, kinachogandishwa mbele ya jino. Ili kisivimbe mdomoni, daktari kwa kawaida husaga kwanza sehemu ya mbele ya jino kwa kiasi hicho hicho. Anachokisaga ni enameli, lile gamba gumu la nje. Enameli ya jino la mbele ni nene kidogo kwenye ncha, lakini karibu na ufizi hupungua mpaka ikabaki nusu milimita au chini yake. Kwa hiyo mkono ukizidi kidogo tu, gamba limekwisha na daktari ameingia ndani ya jino, pahali panapohisi baridi na moto, na ambapo gundi haishiki vizuri. Ngozi ikikwaruzwa hupona, na mfupa ukivunjika huunga. Enameli ikishaondoka hairudi, kwa sababu chembe hai zilizoitengeneza zilikufa kabla jino halijachomoza kwenye ufizi.

Kinachofuata ni hesabu tu. Vinia za kauri zilizofanywa vizuri huweza kukaa miaka 10 au 15, nyengine zaidi. Biharusi wa miaka 23 akiweka leo, atabadilisha akiwa na watoto wa skuli, atabadilisha tena akiwa mama mkwe, na huenda tena akiwa bibi. Kila zikibadilishwa jino hupungua kidogo. Hawezi kusema amechoka nazo azitoe, kwa sababu chini yake pana jino lililosagwa.

Na hapo tunazungumzia vinia za kweli. Zile picha za meno yaliyochongwa yakawa kama vijiti, mnazoziona kabla ya "tabasamu jipya", si vinia hata kidogo. Hizo ni kofia, zinazovishwa jino zima, na ili kofia iingie husagwa mbele, nyuma, pembeni na juu, mpaka zaidi ya nusu ya sehemu inayoonekana ya jino iwe imeondoka. Kofia ilibuniwa kwa jino lililooza sana au lililovunjika. Kulivisha jino zima la msichana ni kuubahatisha mshipa wa ndani. Mshipa ukifa, mara nyengine miaka kadhaa baadaye, jino huuma usiku bila sababu au ufizi hutoa kipele cha usaha, na matibabu ya mizizi ndiyo yanayofuata. Swali la kumuuliza daktari ni fupi: utasaga mbele tu, au pande zote? Akikwepa kujibu, vaa viatu vyako uondoke.

Wanaobandika "vinia" kwenye saluni kwa saa moja hatutawapa nafasi kubwa. Kitu kilichobandikwa na mtu asiyesoma udaktari wa meno huacha ukingo karibu na ufizi, chakula kikajificha hapo, na baada ya miezi michache ufizi unatoka damu na mdomo unanuka. Biharusi wa kunuka mdomo, udi wa nini tena?

Sababu ya pili ni ya dini, na hapa jambo lenyewe limetajwa waziwazi. Bukhari na Muslim wote wamepokea kutoka kwa Abdullah bin Masud laana juu ya wanawake wanaotenganisha meno yao kwa kutafuta uzuri. Imamu Nawawi, ambaye sisi Mashafii tunamrejea sana, alieleza kwamba wanawake walikuwa wakikereza meno ya mbele ili wapate mwanya, kwa kuwa mwanya ni alama ya ujana. Tazameni dunia ilivyogeuka! Wao walisaga ili wapate mwanya, na binti yetu wa leo, aliyezaliwa na mwanya ambao waswahili wameusifu tangu mababu, anasaga ili auzibe. Upande umebadilika, lakini tupa ni ile ile.

Nawawi huyo huyo alisema kuwa ikiwa ni kwa tiba au kwa kasoro ya jino, hakuna ubaya. Na sote tunajua kisa cha Arfaja bin Asad, aliyekatwa pua vitani, akaweka ya fedha ikamnukia, Mtume (s.a.w.) akamuamrisha aweke ya dhahabu. Kwa hiyo hatusemi vinia ni haramu kwa kila mtu. Aliyeanguka na baiskeli akavunja jino la mbele, aliyekunywa tetrasaiklini utotoni meno yakatoka na mistari ya kijivu, aliyekulia Arusha kwenye maji yenye floraidi nyingi meno yakawa na madoa ya kahawia na vishimo, hao wana kasoro, na vinia inaweza kuwa ndiyo dawa yao. Tunachosema ni kwamba meno yaliyo sawa, rangi yake ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, hayana ugonjwa. Hiyo ni rangi ya kawaida ya jino la binadamu. Ule weupe wa vigae vya msalani ndio usiokuwa wa kawaida.

Tumchukue biharusi mmoja wa mfano. Ana miaka 24, harusi yake imebakia miezi minne. Anakunywa chai ya rangi kutwa mara tatu, meno yamepata umanjano, chonge zimekoza zaidi. Jino moja la mbele limelipanda kidogo jirani yake, na jengine limemeguka kwenye ncha. Akienda kwa wenye haraka atauziwa vinia kumi, maana kigamba kimoja cheupe sana kitawaaibisha jirani zake, basi wote wavishwe.

Sisi tungempeleka hivi. Kwanza daktari amtazame kama ana meno yaliyotoboka au ufizi unaotoka damu, kisha amkwangue ukoga. Wengi hushangaa hapo hapo, kwa sababu nusu ya "umanjano" ilikuwa ni madoa ya chai na kahawa yaliyokaa juu tu. Kisha apimwe na kutengenezewa treya laini za mdomo wake mwenyewe, ambazo ndani yake hutiwa tone dogo la jeli ya peroksaidi ya kabamidi ya asilimia 10. Analala nazo usiku, wiki mbili hadi nne. Peroksaidi hupenya kwenye enameli na kuvunja vile vinavyoleta rangi, bila ya kusaga chochote. Meno yatasisimka kwa maji baridi siku za mwanzo. Hiyo ni kawaida, apumzike usiku mmoja mmoja na atumie dawa ya meno yenye naitreti ya potasiamu. Jeli ikichoma ufizi ukawa mweupe, basi ametia nyingi. Mwenye mimba au anayenyonyesha asubiri. Na ndimu kwa magadi, tafadhali iacheni, asidi ya ndimu inakula hiyo hiyo enameli tunayoililia.

Akimaliza, asikimbilie kuziba lile jino lililomeguka. Oksijeni iliyobaki ndani ya jino huzuia gundi kushika, na rangi bado haijatulia. Asubiri wiki mbili, kisha daktari aongeze ncha kwa resini yenye rangi ya jino, kwa kikao kimoja na mara nyingi bila kusaga. Utaratibu huu ukigeuzwa ni hasara, kwani jeli haing'arishi resini wala kauri. Aliyeziba kwanza akang'arisha baadaye atabakia na kiraka cha manjano katikati ya meno meupe.

Kuna lile jino lililopanda. Hapa ndipo bresi zinapohitajika, na hapa pia ndipo watu wanapokosa subira. Bresi husukuma jino polepole, karibu milimita moja kwa mwezi, kwa sababu mfupa lazima uyeyuke upande mmoja na ujengeke upande wa pili. Meno yaliyopishana kidogo huweza kuchukua miezi sita hadi tisa, na kazi kamili mwaka na nusu au miwili. Wanazuoni wengi wa zama zetu wameruhusu kunyoosha meno yenye kasoro ya wazi. Kwa miezi minne haitoshi. Basi aolewe na jino lake lilivyo, bwana alimposa analiona, na akitaka aanze bresi baada ya harusi. Mwenye posa ya mwaka mzima anaweza kuanza leo. Ajue tu kwamba zikitolewa atavaa kishikizi cha usiku kwa miaka mingi, la sivyo meno hurudi yalikotoka, na kwamba asiyepiga mswaki kuzunguka kila kipande atatolewa waya na kubakiwa na vidoa vyeupe vya jino lililoanza kuoza.

Mtatuambia kung'aa kwa jeli hakudumu. Kweli, baada ya mwaka mmoja au miwili chai hurudisha rangi yake. Lakini treya zile zile zinawekwa kabatini, unanunua jeli, unalala nazo siku chache, basi. Mwenye vinia hana cha kulala nacho, ana kurudi kitini.

Mwenye harusi ya Mfunguo Mosi na aanze Rajabu, ili resini iwe imeshawekwa kabla ya Ramadhani na asisumbuke na meno yanayosisimka wakati wa futari. Usiku wa mwisho wa jeli uwe wiki mbili au zaidi kabla ya ukumbini. Siku mbili tatu baada ya usiku huo ajiepushe na chai ya rangi, kahawa, zambarau na tambuu. Chai ya maziwa pia ni chai, mashoga.