Ulionewa shuleni? Andika, uone unachokikwepa hadi leo

Mwaka jana, kwa mara ya tatu ndani ya miezi kumi, niliketi kwenye benchi la maabara nikiwa na kikopo cha mkojo mkononi. Majibu yalikuwa yaleyale: maambukizi ya njia ya mkojo, yale tunayoyaita yutiai. Daktari alipokuwa akiandika dawa aliinua kichwa akaniuliza, "Dada, kwa siku unakunywa maji kiasi gani?"

Nikamwambia glasi moja, pengine mbili. Hapa ni Dar es Salaam, na joto lake mnalijua. Akauliza tena, "Kwa nini?" Nikajibu kwamba kazi ni nyingi. Mimi ni muuguzi. Kwa miaka 16 nimewaambia wagonjwa wanywe maji na wasibane mkojo, na jibu hilo la kazi nyingi nimelisikia kwao mara nyingi kiasi kwamba lilinitoka lenyewe. Halikuwa la kweli. La kweli lilikuja wiki mbili baadaye, kwenye daftari la kurasa 48, nikiwa peke yangu jikoni.

Nilipokuwa darasa la tano, wasichana watatu wa darasa la saba walikuwa wakinisubiri nyuma ya vyoo. Nikiingia, wanaushikilia mlango kwa nje. Siku nyingine walinimwagia maji kwa juu. Siku moja kengele ililia, wenzangu wakarudi darasani, mimi nikabaki nimefungiwa. Walipofungua nilitoka nikiwa nimelowa, na wao wakatangaza kwamba nimejikojolea. Tangu siku hiyo jina langu likawa Kikojozi, hadi nilipomaliza darasa la saba.

Nikatafuta dawa yangu mwenyewe. Asubuhi siguswi na chai. Mapumziko sinywi maji. Nabana hadi saa kumi jioni, nikifika nyumbani nautupa mkoba na kukimbilia chooni. Mama yangu aliniona kila siku, akawa anasema, "Huyu mtoto, shule nzima haina choo?" Alikuwa ameligusa jambo lenyewe bila kujua, nami sikumweleza.

Dawa ile ilifanya kazi, na hapa ndipo penye somo. Tabia nyingi ambazo watu wazima tumezibeba kutoka kwenye kuonewa hazikuanza kama udhaifu. Zilianza kama ulinzi, na zilitulinda kweli. Aliyenyang'anywa chakula bweni alijifunza kula upesi, na leo anamaliza sahani kabla wenzake hawajanawa, kisha analalamika kiungulia. Aliyechekwa kwa kigugumizi alijifunza kukaa kimya, na leo anatoka kwa daktari bila kuuliza dawa inanywewaje. Hatari imeondoka, ulinzi umebaki, na mwili ndio unaoulipia.

Kwangu mwili ulilipia kibofu. Bakteria wa utumbo mkubwa wanaoingia kwenye njia ya mkojo huoshwa kila tunapokojoa. Ukinywa maji kidogo na kubana kwa saa nyingi, wanapata muda wa kuzaliana. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa wanawake 140 waliokuwa wakiugua mara kwa mara na wanaokunywa chini ya lita moja na nusu kwa siku. Nusu yao waliongezewa lita moja na nusu ya maji kila siku kwa mwaka mzima. Waliougua katika kundi hilo walifikia wastani wa mara 1.7, wakati wenzao ni mara 3.2. Mimi nilikuwa nikimeza antibayotiki kozi baada ya kozi, huku kinachonirudisha kwenye benchi kikiwa ni mlango wa choo wa darasa la tano.

Basi kwa nini niandike, badala ya kunywa maji tu? Kwa sababu kunywa nilijaribu, kila mara nikaacha siku ya tatu bila kujua kwa nini. Niliamua kuandika kwa njia iliyojaribiwa na mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall huko Texas, Marekani, katika utafiti uliotoka mwaka 1986. Wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Baadhi waliandika tukio chungu la maisha yao kama lilivyotokea tu, wengine hisia tu, wengine vyote viwili. Walioandika tukio pamoja na hisia zake ndio walioonekana kwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi miezi iliyofuata. Tangu hapo njia hiyo imepimwa katika tafiti zaidi ya mia moja. Kwa wastani faida ipo, lakini ni ndogo, na si kila mtu huipata. Kwa hiyo siwauzieni muujiza. Nawaeleza kilichonitokea.

Masharti ni machache. Unaandika mahali ambapo hutasumbuliwa, bila kujali tahajia, na hakuna atakayesoma. Ukimaliza unaweza kuchana karatasi.

Usiku wa kwanza niliandika nusu ukurasa, mkavu kama ripoti ya zamu. Nani, wapi, lini. Usiku wa pili nilijilazimisha kuandika nilivyojisikia, na kikatoka kitu ambacho sikukitegemea. Kilichoniuma zaidi hakikuwa wale wasichana watatu. Ni rafiki yangu wa dawati moja, aliyekuwa amesimama pembeni amenishikia mkoba, akacheka na wao. Nililia, na usiku ule sikulala vizuri. Hili ni la kawaida. Hata wale wanafunzi wa Texas walijisikia vibaya zaidi mara baada ya kuandika.

Usiku wa tatu, niliposoma nilichoandika, nikaona kosa la sarufi. Habari yote ilikuwa ya zamani: walinifungia, walinicheka, nilikimbia. Halafu sentensi moja katikati ilisema, "Sinywi maji kwa sababu watanishikia mlango." Sikuandika "sikunywa" wala "walikuwa wakinishikia". Niliandika sinywi, na watanishikia. Nina miaka 39, choo cha kazini kina komeo kwa ndani, na bado kuna mtu ndani yangu anayesubiri mlango ushikiliwe.

Usiku wa nne niliandika swali moja na kulijibu: leo, ni nani hasa anayeushika mlango huo? Nikaandika vyoo vyote ninavyotumia, kimoja kimoja. Nyumbani, kazini, kanisani, stendi ya mabasi. Cha stendi tu ndicho chenye sababu ya kukiogopa, na sababu yenyewe ni uchafu.

Kuandika hakukuniondolea tabia. Kulinionyesha pa kuanzia. Nilianza na glasi moja ya ziada siku za mapumziko nikiwa nyumbani, mahali ambapo hofu ni ndogo. Wiki ya pili nikapeleka chupa kazini, nikaweka simu inikumbushe kwenda chooni kila saa tatu, nimebanwa au sijabanwa. Safari ya basi kwenda Morogoro niliiacha hadi wiki ya sita, na hata hapo nilikunywa nusu chupa tu. Sasa ni mwezi wa tisa. Nimeugua mara moja. Wapo wanaougua kwa sababu nyingine kabisa, kwa hiyo vipimo haviachwi kwa ajili ya daftari. Mwenye homa, kutapika au maumivu ya ubavuni aende hospitali siku hiyohiyo, na mwenye ugonjwa wa moyo au figo amuulize daktari wake kabla ya kuongeza maji.

Utaijuaje tabia ya namna hii? Ni sheria unayoifuata kwa ukali, na ukiulizwa sababu unatoa jibu ambalo halilingani na ukali huo. Ukiigusa, mwili unashtuka kabla akili haijafikiri. Hiyo ndiyo ya kuandikia.

Daftari lina mipaka yake. Usianze wakati jambo bado ni bichi, wiki ileile ulipoumizwa. Ukiona kwamba siku zote nne umeandika maneno yaleyale na uchungu uleule, acha, kwa kuwa umeanza kuzunguka kidonda badala ya kukisafisha. Ukiota ndoto za kutisha, ukishindwa kufanya kazi kwa siku kadhaa, au wazo la kujiua likikujia, hiyo si kazi ya kufanya peke yako. Mwambie mtu wako wa karibu leo, na uende kituo cha afya.

Nanyi wazazi, daftari hili si la mtoto anayeonewa sasa. Mtoto ambaye mlango bado unashikiliwa haambiwi aandike, anafunguliwa mlango. Huko Uingereza wamewafuatilia maelfu ya watoto waliozaliwa wiki moja ya mwaka 1958. Wazazi waliulizwa kama mtoto anaonewa, alipokuwa na miaka 7 na tena 11. Ripoti ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba walioonewa mara kwa mara walikuwa na sonona na wasiwasi zaidi hata walipofika miaka 45. Taarifa zile zilitoka kwa wazazi wenyewe. Yaani nyumbani kulijulikana.

Kwa hiyo tazameni yale yanayoonekana. Chupa ya maji iliyokwenda shule imejaa ikarudi imejaa. Mtoto anayekimbilia chooni kila akifika nyumbani. Anayekataa chai asubuhi za shule lakini Jumamosi anakunywa. Usimuulize "nani anakuonea?", kwani kumtaja mtu ni kazi nzito kwa mtoto. Muulize kuhusu mahali: "Vyoo vya shuleni vikoje? Milango inafungwa kwa ndani? Unakwenda na nani?" Akishasema, nenda shule ukaone komeo kwa macho yako, na umuulize mwalimu mkuu nani anasimamia eneo lile wakati wa mapumziko. Neno "jikaze" liacheni. Mimi nilijikaza miaka 28, na kibofu changu kinaweza kutoa ushahidi.

Na kwa wenzangu wa kliniki: tunajua kuuliza mgonjwa anakunywa maji kiasi gani. Tuulize na swali la pili, kisha tusubiri jibu. Yule daktari aliuliza "kwa nini?" mara moja tu, nami nikamdanganya, lakini swali lake nilikwenda nalo nyumbani.