"Atanielewa" Haitoshi

Kuna imani iliyoota mizizi maofisini, na kijana anayeanza kazi Kipili ataikuta imemtangulia: kwamba barua pepe ni maongezi tu yaliyowekwa kwenye maandishi. Andika unavyoongea, wanasema, mwenzako atakuelewa, si mnajuana? Mimi naipinga imani hii waziwazi. Mwenzako atakuelewa, ndiyo, lakini barua pepe ya kazi haiishii kwake. Itaelekezwa kwa mhasibu Namanyere, itakaa kwenye faili, na siku moja itasomwa na mkaguzi aliyepanda gari kutoka Sumbawanga, ambaye hakujui wewe wala huyo mwenzako.

Chukua jambo la kawaida kabisa la huku ziwani. Boti imeleta madumu ya dizeli ya jenereta ya ofisi, vijana wanne wameyapandisha kutoka ufukweni, nawe umewalipa. Unamwandikia mhasibu: "Mzigo umeshuka salama, vijana nimewapa ya soda, elfu ishirini." Kwa mdomo hapo hakuna tatizo. Kwenye maandishi, hiyo ni fedha iliyotoka bila kazi kutajwa, bila idadi ya watu, bila saini. Tena ni maneno yaleyale anayoyatumia mtu akimpoza mlinzi wa geti ili apite. Mkaguzi hakuisikia sauti yako wala hakuwaona vijana wakitoka jasho. Mwandikie mhasibu hivi: "Nimelipa shilingi 20,000 kwa vibarua wanne waliopakua madumu 10 ya dizeli, shilingi 5,000 kila mmoja. Orodha ya majina na saini zao nimeiambatanisha." Imeongezeka sentensi moja tu, na swali la mkaguzi limekosa pa kuanzia.

Hatari zaidi ni "nitakuona". Muuza mafuta anadai malipo ya nyuma, nawe unamtuliza: "Shikamoo mzee. Ukiwahisha huo mzigo, nitakuona." Ulimaanisha utaisukuma ankara yake ilipwe haraka. Lakini nani asiyejua "kumwona mtu" kuna maana gani nyingine? Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 15, haisubiri fedha itoke mfukoni. Kuahidi kwa nia ya rushwa ni kosa tayari. Ni kweli kwamba nia lazima ithibitishwe, na neno moja peke yake halimfungi mtu. Hata hivyo, utakuwa umekaa mbele ya ofisa wa TAKUKURU ukieleza ulichokuwa unafikiria miezi minane iliyopita, na karatasi iliyo mezani haikusaidii. Wala usijidanganye kwamba barua pepe si ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inazuia ushahidi kukataliwa kwa sababu tu ni wa kielektroniki.

Halafu kuna "tuko pamoja". Muuzaji anakuandikia kwamba dumu la lita 20 limepanda kutoka shilingi 70,000 hadi 76,000. Unajibu, "Sawa mzee, tuko pamoja," ukimaanisha umeisoma taarifa yake. Yeye ameshika kwamba umekubali. Kwa madumu 10, ankara inakuja na nyongeza ya shilingi 60,000 ambayo hakuna mkubwa aliyeiidhinisha, na jibu lako analo. Ungeandika: "Taarifa ya bei mpya nimeipokea. Bado sijaikubali, nasubiri idhini ya meneja na nitakujibu kabla ya Ijumaa saa 10 jioni."

Watetezi wa imani ile watasema barua za namna hii ni kavu na hazina heshima. Si kweli. Shikamoo ibaki, pole na safari ibaki, habari za nyumbani zibaki. Heshima hukaa kwenye salamu. Fedha, bei na ahadi zinahitaji maneno ambayo hata mgeni akiyasoma anapata maana moja.

Na akikuandikia mkubwa wako je? "Hilo la mafuta limalize kiutu uzima." Usijibu "sawa bosi", kwa sababu ukishasema sawa, maana yoyote itakayotolewa baadaye itakuwa pia ya kwako. Jibu: "Shikamoo bosi. Nimeelewa kwamba nilipe ankara kwa bei ya zamani, jumla shilingi 700,000. Naomba unithibitishie kabla sijaandaa hati ya malipo." Kama ndivyo alivyomaanisha, atakujibu kwa neno moja. Akikupigia simu badala ya kuandika, ongea naye kwa adabu zote, kisha ukikata simu mwandikie: "Kama tulivyozungumza leo saa 5 asubuhi," ueleze mlichokubaliana, na hati ya malipo usiiguse mpaka ajibu.