Deni la kubeti: lipi lilipwe kwanza, na mlango upi ufungwe

Mzazi anayebeti mara chache hudaiwa na mtu mmoja. Anaanza na salio la dharura la simu, anafuata programu ya mikopo, kisha kausha damu. Mwisho anagusa kikoba cha mkewe na mali kauli ya duka la jumla. Siku familia inapojua, kila mdai anapiga simu kwa wakati wake, na anayepiga kelele zaidi ndiye anayelipwa. Hapo ndipo hesabu huharibika, kwa sababu mwenye kelele si lazima awe ndiye anayekula fedha nyingi.

Tuchukue mfano wa baba wa watoto wawili anayeuza nguo za kiume kwenye meza Mtaa wa Kongo, Kariakoo, na kuishi vyumba viwili Buguruni. Akitoa mtaji, meza inamwachia wastani wa Sh30,000 kwa siku, yaani Sh780,000 kwa siku 26 za kazi. Mkewe anauza vitafunwa na kubakiwa na Sh150,000 kwa mwezi. Nyumba inaingiza Sh930,000. Kwa kipato hicho madeni yake yanalipika, lakini kwa mpangilio maalumu.

Kuandika kila kitu

Kazi ya kwanza ni ya jioni moja, mume na mke wakiwa na daftari na taarifa ya miamala ya simu ya miezi mitatu. Taarifa ni muhimu kwa sababu anayebeti hukumbuka mikeka iliyotiki na kusahau iliyochanika. Kwa baba huyu, kwa wastani wa mwezi Sh310,000 zilikwenda kwenye kampuni za kubeti na Sh90,000 zikarudi. Hasara ni Sh220,000 kila mwezi, karibu mara mbili ya kodi ya nyumba, ambayo ni Sh120,000.

Kisha yanaandikwa madeni. Salio la dharura la simu ni Sh45,000, programu ya mikopo Sh90,000, kausha damu Sh260,000, kikoba cha mke Sh350,000, mali kauli Sh280,000, na kaka yake Sh200,000. Jumla ni Sh1,225,000. Mbele ya kila deni wanaandika mambo mawili: linaongezeka kwa kiasi gani likikaa, na likikosa kulipwa litachukua nini. Majibu hayo ndiyo yanayopanga foleni, si ukubwa wa deni.

Foleni inavyopangwa

Salio la dharura linatangulia ingawa ndilo dogo. Huduma za aina hii, kama Songesha ya M-Pesa, hukata deni pale fedha inapoingia kwenye laini. Mteja akimlipa baba huyu Sh20,000 za shati kwa simu, fedha inaweza kukatwa kabla hajaishika. Asipolilipa mapema, bajeti yake ya kila wiki itakuwa ya uongo.

Programu ya mikopo inafuata kwa sababu adhabu yake hupanda haraka. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila leseni, kwa hiyo jina la mkopeshaji liangaliwe kwanza kwenye orodha ya Benki Kuu. Programu ikianza kutuma ujumbe wa aibu kwa ndugu na wateja, picha za ujumbe huo zihifadhiwe na malalamiko yapelekwe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na tume inayoisimamia.

Baba huyu analimaliza deni hilo siku ya kwanza kwa kuuza simu yake ya kisasa na kununua kitochi. Tofauti ya bei inampa Sh90,000. Wateja wanaoagiza kwa WhatsApp wanahamia kwenye simu ya mke.

Nafasi ya tatu ni kausha damu. Alichukua Sh300,000 ili arudishe Sh390,000 kwa siku 30, Sh13,000 kila siku. Hiyo ni asilimia 30 kwa mwezi, wakati ukomo uliowekwa na Benki Kuu kwa wakopeshaji wadogo wasiopokea amana ni asilimia 3.5. Gharama halisi ni kubwa zaidi ya inavyoonekana, kwa kuwa anaanza kurudisha siku inayofuata na hakai na Sh300,000 nzima hata wiki moja. Friji la nyumbani limeandikwa kama dhamana.

Kikoba ni cha nne. Riba yake ni asilimia 3 tu, lakini wanawake wawili wamemdhamini mke na hisa zake zimeshikiliwa. Mali kauli haina riba, ila ndiyo inayojaza meza. Kaka anakuja mwisho, na anatakiwa kuambiwa leo kwamba ataanza kulipwa mwezi wa tano, badala ya kuzungushwa kila Jumapili.

Fedha ya kulipa inatoka wapi

Familia haikati chakula cha watoto. Kodi, chakula, nauli, shule, umeme na maji, gesi, matibabu na vocha vinachukua Sh625,000. Chakula cha mchana cha baba kwa mama ntilie, pamoja na soda na chai za mezani, kilikuwa Sh4,000 kwa siku. Kinashuka hadi Sh2,000, yaani Sh52,000 kwa mwezi. Matumizi yote yanakuwa Sh677,000, na zinabaki Sh253,000.

Kati ya hizo, Sh23,000 zinawekwa kando kwa dharura. Mtoto akipata homa usiku na nyumba haina hata Sh10,000, baba atarudi kukopa kwenye simu, na foleni itaanza upya. Zinabaki Sh230,000 za madeni. Karibu zote ni zile zilizokuwa zikienda kwenye mikeka.

Mwezi wa kwanza, Sh45,000 zinamaliza salio la simu. Kikoba kinapata riba yake ya Sh10,500 ili jina la mama lisichafuke. Duka la jumla linapewa Sh18,500 kuonyesha kwamba hajakimbia. Zinazobaki, Sh156,000, ni za kausha damu, Sh6,000 kwa kila siku ya kazi.

Tatizo ni kwamba mkopeshaji anadai Sh13,000. Mazungumzo haya yafanywe kabla ya kukosa marejesho, mke akiwepo, na kiasi kiwe kile kinachowezekana kweli: "Dada, elfu kumi na tatu siiwezi tena. Elfu sita utaipata kila jioni, na tuandikishane kwamba hakuna faini." Akikubali, karatasi isainiwe na kila malipo yaandikwe. Akikataa, familia itafute kitu kingine cha kuuza kuliko kukopa mahali pengine kumlipa yeye.

Mwezi wa pili kausha damu inakwisha kwa Sh104,000 zilizosalia, na kikoba kinaanza kupunguzwa deni lenyewe, si riba tu. Kikoba kinamalizika mwezi wa nne. Duka la jumla na sehemu kubwa ya deni la kaka vinalipwa mwezi wa tano, na mabaki ya kaka yanakwisha mwanzoni mwa mwezi wa sita.

Deni likiisha, mlango ufungwe

Kwa mdaiwa wa kawaida, deni likilipwa limeisha. Kwa anayebeti, deni lililolipwa ni fedha mpya iliyofunguliwa. Siku salio la simu linapomalizika, ujumbe unaweza kuingia kwamba kiwango chake kimeongezeka. Kwa hiyo siku hiyohiyo ajitoe kwenye huduma, na akaunti ya programu ya mikopo ifungwe mara deni lake linapolipwa.

Ndiyo sababu pia mkopo mmoja mkubwa wa kulipa midogo yote unaweza kumwangamiza. Wadai wote wananyamaza siku moja, milango yote inafunguka, na baada ya miezi michache anadaiwa mkubwa pamoja na midogo mipya. Ndugu anayetaka kusaidia amlipe mdai mwenyewe, asimpe fedha mkononi.

Akaunti za kubeti nazo zifungwe kwa kuiandikia kila kampuni. Hiyo pekee haitoshi, kwani kampuni ni nyingi na hata kitochi kinaweza kubeti kwa menyu ya simu. Kinachozuia zaidi ni fedha kutopita mikononi mwake. Malipo ya wateja kwa simu yaingie kwenye laini ya mke. Fedha taslimu ihesabiwe kila jioni kwa kulinganisha vipande vilivyotoka asubuhi na vilivyorudi. Baba abaki na nauli na chakula cha siku.

Mke naye hatakiwi kuwa polisi. Muda wa hesabu uwe mmoja, dakika kumi baada ya chakula, na ukipita mjadala ufungwe hadi kesho.

Dalili kwamba mpango unavuja

Ya kwanza ni vipande visivyolingana na fedha mara mbili ndani ya wiki. Ya pili ni laini mpya ya simu. Ya tatu ni kauli ya kutaka "mkeka mmoja tu" wa kumaliza deni lote, ambayo huja hasa baada ya siku mbaya ya biashara. Akiteleza, kiasi kiandikwe kwenye daftari kama deni jingine na ratiba isogezwe mbele. Kuficha kunagharimu zaidi, kwa sababu kilichofichwa hufuatiwa na mkopo wa siri.

Wapo wanaoshindwa kuacha hata fedha ikidhibitiwa. Hawalali, wanakasirika ovyo, na wanarudi kila mara kufukuzia hasara. Shirika la Afya Duniani linatambua hali hii kama ugonjwa katika orodha yake ya ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Kutoka Mnazi Mmoja, Hospitali ya Taifa Muhimbili iko karibu, Upanga, nayo ina idara ya afya ya akili.

Mdaiwa akisema afadhali afe kuliko kudaiwa, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na wadai wasubiri. Ratiba inaweza kusogezwa mbele mwezi mmoja au miwili, na hakuna deni katika orodha ile lisiloweza kupangwa upya.