Yah: Kufunga Akaunti Yangu

Barua ya kwanza niliiandika kama tulivyofundishwa sekondari. Anwani mbili, tarehe, kisha kwa herufi kubwa: YAH: MAOMBI YA KUFUNGA AKAUNTI. Chini yake nikaandika "Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu", nikaomba kwa heshima na taadhima nifungiwe akaunti, na shilingi 186,400 zilizobaki zihamishiwe kwenye akaunti yangu ya benki nyingine. Nikatanguliza shukrani. Ilikuwa tarehe 3 Machi. Sasa hivi nikiisoma barua ile naona aibu, kwa sababu karibu kila sentensi yake ilinigharimu.

Akaunti yenyewe niliifungua Iringa, mwaka wa kwanza chuoni, ili boom la Bodi ya Mikopo lipate pa kuingia. Watu wa benki walikuja na hema lao hadi uwanjani, wakatugawia kalamu za bure, na kabla ya chakula cha mchana nilikuwa na namba ya akaunti. Hakuna aliyeniuliza kwa nini nafungua. Miaka sita baadaye nipo Dar es Salaam, mshahara unapita benki nyingine, na ile ya Iringa kazi yake imebaki moja tu: kukatwa shilingi 2,360 kila mwisho wa mwezi, kodi ikiwa ndani.

Rafiki zangu wakaniambia nisijisumbue. Toa zote ATM, uiache ife. Ushauri huu naupinga. Akaunti haifi kwa kuachwa. ATM hutoa noti, kwa hiyo lazima kitabaki kipande, na ada itaendelea kukila kipande hicho; pengine ikishakimaliza inaandikwa kama deni lako. Baada ya muda wa kukaa kimya akaunti inahesabiwa kuwa imelala, na siku ukiitaka utaambiwa uiamshe kwanza ndipo uifunge. Kinachoimaliza akaunti ni maandishi yako, kwa jina lako na sahihi yako.

Basi nikayapeleka maandishi yangu kwenye tawi la karibu na kazini. Mama wa dirishani akayasoma taratibu.

"Mdogo wangu, hujaandika sababu."

"Sababu ya nini, mama?"

"Ya kufunga. Na hii ni ya Iringa, ilitakiwa uende tawi ulikofungulia."

Mwishowe aliipokea, nikaondoka mikono mitupu. Sikuwa na nakala, sikugongewa muhuri. Wiki tano zikapita. Niliporudi, barua haikuonekana, kisha ikaonekana, kisha nikaambiwa agizo limeshindikana kwa kuwa salio halitoshi. Salio langu mwenyewe! Ilikuwa kweli: niliandika wahamishe 186,400, lakini mwisho wa Machi walikata ada yao, zikabaki 184,040. Mfumo ulitafuta kiasi nilichokitaja, haukukiona, ukaacha kila kitu kama kilivyo. Na akaunti ikiwa bado wazi, mwisho wa Aprili wakakata tena: 181,680.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza ni kitu gani hasa ninachokiomba.

Mwaka 1848, katika kesi ya Foley dhidi ya Hill, Baraza la Malodi la Uingereza liliamua kwamba benki si mtunza amana wa fedha unazoweka. Ukishaziweka zinakuwa zake, izifanyie itakavyo. Ila inabaki kuwa mdaiwa wako wa kiasi hicho. Sheria ya kimazoea ya Kiingereza ilipokelewa Tanganyika kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na kanuni hiyo ikaja nayo. Mwaka 1921, katika kesi ya Joachimson, Mahakama ya Rufani ya hukohuko Uingereza ikaeleza kwamba deni hilo ni la namna yake: benki hailazimiki kulilipa mpaka mteja adai. Hukumu hii ya pili ilitoka baada ya tarehe ya mapokezi, kwa hiyo kwetu inashawishi tu, haifungi, lakini mantiki yake ni ileile.

Zisome hizo mbili pamoja uone barua yako ni nini. Mdai ni wewe. Barua ndiyo dai lenyewe, karatasi inayoligeuza deni lililolala kuwa deni la kulipwa sasa. Halafu sisi, waliosoma hadi vyuo vikuu, tunaipa kichwa cha "maombi". Ukimdai jirani yako elfu kumi, humwandikii kumwomba akukubalie ulipwe, na yeye hakuulizi unazitaka za nini.

Najua nitajibiwa kwamba benki lazima ijihadhari. Ni kweli, na sina ugomvi na tahadhari. Barua inayoweza kuhamisha salio lote ni silaha mikononi mwa mwizi, kwa hiyo kitambulisho cha NIDA nitakitoa, sahihi nitaiweka mbele yao, alama ya kidole nitabonyeza, kadi nitairudisha. Yote hayo yanathibitisha kwamba mimi ni mimi. Sababu haithibitishi chochote. Wala safari ya Iringa. Zamani kadi ya sahihi yako ilikaa kwenye droo ya tawi lako, na kurudi huko kulikuwa na maana. Leo yule mama alikuwa anaiona picha yangu na sahihi yangu kwenye kompyuta yake hapohapo Dar. Kilichobaki ni desturi ya kumchosha anayeondoka, na desturi hiyo inalipa, kwa sababu kila mwezi wa kuchoka ni 2,360 nyingine.

Barua ya pili niliiandika tarehe 6 Mei. Naiweka hapa karibu nzima, atakayeihitaji aichukue:

"YAH: AGIZO LA KUFUNGA AKAUNTI NA KUHAMISHA SALIO. Mimi ninayetajwa hapo juu naagiza akaunti yangu ifungwe. Salio lote litakalokuwepo siku ya kufunga, baada ya kutoa ada zilizomo kwenye jedwali lenu tu, lihamishiwe akaunti ifuatayo iliyo kwa jina langu. Kadi nairejesha pamoja na barua hii. Maagizo yote ya malipo ya kudumu nayafuta. Naomba mnipe taarifa ya akaunti hadi siku ya mwisho, na uthibitisho wa maandishi kwamba imefungwa."

(Ndiyo, neno "naomba" limo. Adabu haijanitoka, nimeihamishia kwenye karatasi, kwenye fedha nimeiondoa.)

Kiasi sikukitaja. Jina la akaunti mpya nililinakili herufi kwa herufi kutoka kwenye taarifa ya benki ile, majina yote matatu, maana majina yakipishana fedha hurudishwa, na zikirudi zinakuta akaunti imeshafungwa. Hapo huwekwa kwenye akaunti ya ndani ya kusubiria, na wewe unaanza barua ya tatu. Nilipeleka nakala mbili. Moja ikagongwa muhuri wa IMEPOKELEWA na tarehe, nikaondoka nayo.

Yule mama aliisoma yote. Akaniuliza sababu. Nikamwambia, "Nimeamua, mama." Akaandika hivyohivyo kwenye fomu yake.

Tarehe 14 Mei fedha zilitumwa kwa TISS, ada ya kutuma 11,800, zikaingia 169,880. Kutoka 186,400 za Machi, upole wa barua ya kwanza peke yake ulikuwa umekula 4,720.

Uthibitisho ulikuja wiki moja baadaye kwa baruapepe, wenye nembo na sahihi ya meneja. Mstari wake wa kwanza unasema: "Tunapenda kukujulisha kuwa ombi lako limekubaliwa."