Mbio Ndefu: Filimbi na Vigingi

Kampala, mwaka 2017, katika mbio za nyika za dunia, Joshua Cheptegei aliongoza kwa kasi, akaishiwa nguvu mzunguko wa mwisho, akamaliza wa 30. Kosa hilo ndilo la wanaoanza, Arua hata Koboko. Mwalimu na achomeke kigingi kila mita 100 kuzunguka uwanja wa mita 400, apige filimbi kila sekunde 30. Afikaye kigingini kabla ya filimbi amezidisha mwendo; na apunguze. Mizunguko 5 itakwisha kwa dakika 10. Wiki ya pili, filimbi ilie kila mzunguko tu. Ya tatu, inyamaze. Mzunguko wa kwanza ukichukua sekunde 90 na wa mwisho 150, mwanafunzi arudishwe vigingini.